Ukurasa wa 94 wa kitabu cha nyimbo, kama ulivyochapwa

Shikamoo mwalimu, ukurasa wa 94 huu hapa, nimeutaipu wote kuanzia juu kabisa, yaani na kale kamkia ka wimbo 117 kanakotoka ukurasa wa 93 nimekaweka, maana kamo kwenye karatasi. Sijagusa kitu, namba, nyota, mabano, vyote viko palepale vilipo.

94

Nitaimba milele. :|
Amina.

118. TAA YANGU IWAKAYO
Zab. 119:105
Doh ni G    8.8.8.8. na Pambio

1. Njia yangu ina giza,
   Mawe mengi yaumiza,
   Neno lako laongoza, }
   Bwana, nitakufuata. } (Mara 2)

Pambio:
   |: Taa yangu iwakayo, :|
   Uangaze wangu moyo,
   Niyashike usemayo,
   Bwana, nitakufuata.

2. Upepo unapovuma,
   Wenzangu wakinihama,
   Mkono wako wa wema
   Gizani nitaupata. (x2)

Pambio: Taa yangu, n.k.

3. Asubui ikifika,
   Machozi yatafutika,
   Kwako nitapumzika, }
   Wala sina la kujuta. } (Mara 2)

Pambio

*4. Baba, Mwana, Roho Mwema,
   Twakusifu kwa heshima,
   Leo, kesho na daima }
   Uzima tumeupata. } (Mara 2)

Amina.

* Ubeti huu waweza kuachwa.

Mwisho wa ukurasa.

Sasa mwalimu kuna vitu naomba uvione kabla haijaenda kuchapwa, maana najua mtu akishika karatasi tu mkono unamwasha kusahihisha. Hiyo :| ya juu kabisa haina mwenzake hapa, ya kufungulia iko ukurasa wa 93, kwa hiyo nimeiacha inaning'inia hivyohivyo, nikiiwekea |: mbele ya "Nitaimba" nitakuwa nimewaamulia watu waanze kurudia hapo wakati huenda kurudia kunaanza mistari miwili au mitatu nyuma.

Halafu ubeti wa 2. Angalia vizuri, mabano yanayoshika mistari miwili hayapo, kuna (x2) peke yake mwisho wa mstari wa nne. Beti zingine zote zina } zinazokamata mstari wa tatu na wa nne pamoja, unarudia yote miwili. Ya ubeti wa 2 ukiisoma ilivyo unarudia "Gizani nitaupata" tu, na hapo tuni haiwezi kuwa ileile. Inawezekana kabisa mchapaji ndo aliruka lakini hiyo ni kazi yako na mpiga kinanda kuamua mkiwa mnafundisha, karatasi ibaki inasema kile kitabu kinasema. Vilevile sijaibadilisha x2 kuwa Mara 2 ili zifanane, ikifanana hakuna atakayejua kwamba palikuwa na tofauti.

Kwenye kitabu hiyo } ni moja ndefu inayoshuka kwenye mistari yote miwili, kompyuta hainipi ndefu hivyo nimeiandika mara mbili, moja kila mstari. Hapo tu ndo umbo limebadilika, maana haijabadilika.

Pambio pia, limechapwa kamili mara moja tu, baada ya ubeti wa 1. Baada ya wa 2 ni maneno mawili na n.k., baada ya wa 3 ni neno Pambio tupu bila hata nukta mbili, na baada ya wa 4 hakuna kitu, inakuja Amina moja kwa moja. Wengi watataka nilijaze pambio zima kila sehemu ili wasirudishe macho juu, nawaelewa, lakini tukilijaza baada ya ubeti wa 4 tunakuwa tumeongeza pambio ambalo kitabu hakina, na wimbo unaisha tofauti. Wakitaka ya kuimbia iliyojazwa tutatengeneza karatasi nyingine pembeni, hii ibaki nakala.

"Asubui" bila h ndivyo ilivyo, usidhani kidole kimeteleza. Mwisho wa "wema" kwenye ubeti wa 2 na "daima" kwenye wa 4 hakuna koma, nimeangalia kwa kumulika tochi, karatasi safi, wino haujafutika. Na ile nyota ya ubeti wa 4 naipenda sana ibaki na maelezo yake ya chini, kwa sababu bila hayo mtu ataona ubeti umerukwa ibadani adhani kwaya wamesahau.

Naomba picha ya ukurasa wa 93, nusu ya chini inatosha, ili nione |: imeanzia wapi.