Filamu ya Mwenzako

Siku kadhaa Rehema na Zuberi walikuwa wakisemezana kwa "chukua" na "weka" tu. Mama yake Zuberi alikuja kukaa nao, akaondoka kabla ya siku zake kwisha. Zuberi alidai mkewe hakuwa na muda na mgeni. Rehema akamjibu kwamba mwenye mama ndiye aliyekuwa akirudi usiku, mgeni keshalala.

Wazo la filamu lilikuwa la Rehema. "Nikuchagulie moja, nawe unichagulie moja. Tutazame mpaka mwisho, hakuna kukatizana."

Alianza yeye, akaweka Ikiru ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Mkuu wa idara katika halmashauri ya mji, aliyemaliza miaka nyuma ya mlima wa mafaili, anagundua kuwa ana saratani ya tumbo.

"Yaani mimi ndiye maiti huyu?"

"Tulisema hakuna kukatizana, Baba Saida."

Kikaja kipande cha matanga. Wafanyakazi wenzake wamekaa mbele ya picha ya marehemu, wanakunywa, wanabishana ni nani hasa aliyewajengea watoto uwanja wa kuchezea. Mwisho wanalia, wanaapa kuishi kama yeye. Wanarudi ofisini, na mambo ni yale yale. Zuberi hakusema kitu tena. Viapo kama vile alishawahi kuvitoa sebuleni humo humo.

Usiku uliofuata ikawa zamu yake: Tokyo Monogatari ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao, na watoto hawana nafasi nao. Rehema alitazama amekunja mikono. Alipomwona yule binti mwenye saluni, ambaye wazazi wanapelekwa hotelini ili wasimsumbue, alijua fika ni nani anayesemwa. Machozi ya hasira yakamtoka.

Karibu na mwisho mama ameshafariki. Baba mzee anachukua saa ya marehemu mkewe, anampa Noriko, mjane wa mwanawe aliyepotelea vitani. Si damu yake, lakini ndiye aliyewatunza kuliko waliozaliwa nao.

"Yule wa saluni ndiye mimi, sivyo?"

"Hapana. Wewe ni Noriko. Mama alipopiga simu juzi alikuulizia wewe. Kumbe ulikuwa ukimkanda miguu kila usiku, na mimi sijui."

"Ungesema tangu juzi! Umeniacha nilie zaidi ya saa mbili."

"Mdomo ulikuwa mzito, Mama Saida."

Rehema alijifuta uso, lakini hakuwa amemaliza. "Na ile yangu uliielewa?"

"Niliielewa. Kuanzia kesho natoka kazini saa kumi na moja."

"Hata wale matangani walisema hivyo hivyo."

Zuberi akachukua simu, akampigia mama yake, akamwambia Jumamosi anakwenda kumchukua yeye mwenyewe.

"Na kazi je, mwanangu?"

Rehema akasogea karibu, asikie jibu.