Ripoti ya Hali ya Vitu Vinavyoazimwa: Iringa kwenda Mbeya, Julai 2025

Azimo Na. 3/2025
Mwazimishaji: mkusanyo wetu wa vitu vya jadi, Iringa mjini
Mwazimaji: waandaaji wa maonyesho, Mbeya mjini
Ukaguzi: Jumatano, 9 Julai 2025, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana
Kuondoka Iringa: Jumatatu, 14 Julai 2025. Kurudi: Ijumaa, 29 Agosti 2025
Idadi: vitu vitano

Waliokagua ni mimi, mtunza mkusanyo, pamoja na dada anayepokea upande wa Mbeya, aliyesafiri kuja kuvitazama kwa macho yake. Tumekagua mezani karibu na dirisha la kaskazini, juu ya blanketi lililofunikwa shuka nyeupe iliyofuliwa bila sabuni ya manukato. Chumba kilikuwa na nyuzi 19 za joto na unyevu wa hewa wa asilimia 52.

Katika ripoti hii maneno "hali nzuri" hayatumiki peke yake. Mwaka juzi tuliazimisha chungu kwa karatasi iliyosema "hali nzuri" tu. Kikarudi na pengo mdomoni, nao waliokiazima wakasema kiliondoka nalo. Hatukuwa na picha wala kipimo, basi tukabaki kutazamana. Kwa hiyo hapa kila ufa una urefu wake, kila doa lina mahali pake, na ambapo hatukuona kasoro tumeandika kuwa tulitazama na hatukuona.

Kushoto na kulia ni vya anayekitazama kitu kwa mbele. Kwa vitu vya mviringo tumetumia uso wa saa: "kwenye 3" maana yake ni namba 3 iliyochapwa kwenye saa, si saa tatu ya kusemwa. Ninalisema hili kwa sababu tulipoanza mtindo huu mwenzetu mmoja aliutafuta ufa kwenye 9, upande wa pili kabisa, akaapa kwamba haupo.

1. Ngao ya ngozi ya ng'ombe
Urefu sm 98, upana sm 41 katikati. Ngozi ya kipande kimoja, manyoya ya kahawia na meupe upande wa mbele, uti wa mti umepita kwenye matundu ya ngozi kutoka juu hadi chini. Ni mali ya ukoo mmoja wa Kihehe wa upande wa Kalenga, sisi tunaitunza tu.

Ngozi imekauka na imejikunja kuelekea mbele kwenye ukingo wa kulia, kwa kina cha sm 3.5. Hakuna anayeruhusiwa kuunyoosha ukingo huo, si kwa mkono, si kwa maji, si kwa mafuta. Ngozi ya umri huu ikilazimishwa hukatika. Kuna nyufa tatu: ya kwanza mm 62, kuanzia ukingo wa juu kushoto kwenda chini, imepenya ngozi yote, ya pili mm 18, juu ya tundu la nne la uti, ya juujuu, ya tatu mm 11, nyuma ya kishikio. Hii ya tatu aliiona dada wa Mbeya kwa tochi iliyolazwa pembeni, mimi nilikuwa nimeshaipita. Manyoya yamenyonyoka sehemu mbili, kubwa ikiwa na ukubwa wa kiganja, chini kulia. Ni upara wa zamani na kingo zake ni laini. Tulipoigongagonga ngao kidogo juu ya karatasi nyeupe zilidondoka nywele saba. Zimehesabiwa na kutiwa kwenye bahasha, maana zikianza kudondoka kwa mafungu kule Mbeya tutajua kuna jambo.

Nyuma kuna vumbi la kijivu kwenye mikunjo. Vitu vya ngozi vya zamani mara nyingi vilipakwa dawa za wadudu zenye sumu, arseniki ikiwemo, na historia yote ya ngao hii hatunayo. Kwa hiyo itashikwa kwa glavu za mpira kila wakati, na baada ya hapo mtu anawe kabla hajagusa chakula. Vumbi hilo halitafutwa.

Mzee wa ukoo ameweka sharti lake, nalo limo kwenye makubaliano: ngao isilazwe sakafuni, na katika maonyesho isikae chini ya magoti ya watu. Nilimwuliza, "Babu, hata wakati wa kufunga sandukuni?" Akasema sandukuni ni kulala, hakuna ubaya, ila sanduku lenyewe likae juu ya kitu.

2. Mkuki
Urefu wote sm 176, chuma peke yake sm 34. Kutu ya rangi ya kahawia iliyokolea imetanda sawasawa kwenye ubapa, imeshikamana na haiachi rangi kwenye kitambaa cheupe. Karibu na shingo, upande wa nyuma, kuna kutu nyingine ya rangi ya chungwa, unga mtupu, ukubwa wa punje mbili za mahindi. Hiyo ni hai, na ndiyo ya kupimwa tena siku ya kufika. Ncha imepinda mm 4 kwenda kushoto. Mpini una mikwaruzo mingi ya matumizi, haikuhesabiwa, tazama picha. Chuma kinacheza kidogo kwenye mpini: mkuki ushikwe kwa mikono miwili, mkono mmoja ukiwa chini ya chuma.

3. Chungu cha Kikisi
Kimo sm 31, mdomo sm 22.4, kimefinyangwa kwa mkono na wanawake wa Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, na kilinunuliwa Matema. Ukuta wake ni mwembamba, mm 5 mdomoni.

Mdomo una mapengo mawili: kwenye 2 (mm 9 kwa 4) na kwenye 7 (mm 3 kwa 3). La kwanza ndilo lile la ugomvi. Ufa mmoja unashuka kutoka kwenye 7 hadi begani, mm 74, kisha unakata kulia mm 12. Tumeusikia kabla ya kuuona: ukikigonga chungu taratibu kwa fundo la kidole kwenye 1 kinalia, ukikigonga kwenye 7 kinajibu kwa sauti butu. Tumerekodi sauti zote mbili kwa simu. Kitako kina masizi upande mmoja. Ni alama ya moto wa kuchomea, si uchafu, kisisuguliwe. Rangi nyekundu ya udongo begani inaacha vumbi kidoleni.

Kibebwe kwa mikono miwili kwa kushikwa kitako, kamwe si kwa mdomo. Mikono iwe safi na mikavu, au glavu za mpira. Glavu za pamba huteleza. Kisiwekewe maji wala maua, hata kwa ajili ya kupiga picha ya gazeti.

4. Kikapu cha milulu
Kipenyo sm 28, kimo sm 19. Mstari wa rangi ya zambarau umepauka upande uliokuwa ukitazama dirisha. Uzi mmoja wa ukingo umelegea kwenye 10. Hakuna ukungu, hakuna harufu.

5. Mbeta ya ulanzi
Kipande cha mwanzi, urefu sm 44, kipenyo sm 9. Ina ufa wa asili wa kukauka, mm 130, uliozibwa zamani kwa nta. Nta ni sehemu ya kitu, isibanduliwe. Ndani kuna madoa meusi ya ulanzi.

Mbeta nusura iachwe. Ina matundu kumi na moja ya bungua, mengi karibu na kitako. Tundu la zamani lina kingo za kijivu, la karibuni linaonyesha rangi ya mti mpya na huacha unga. Tuliiweka juu ya karatasi nyeusi tangu Jumatano jioni hadi Ijumaa asubuhi, haikumwaga hata chembe. Hata hivyo itasafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, katika sanduku lake peke yake. Itakaa mfukoni siku saba Mbeya kabla ya kuwekwa chumba kimoja na ngao. Ukionekana unga, mfuko usifunguliwe, tupigiwe simu.

Jiwe la Isimila lililotajwa kwenye barua ya maombi halimo. Vitu vya Isimila viko chini ya Idara ya Mambo ya Kale na si vyetu kuazimisha, waandaaji wapeleke maombi huko.

Picha
Zimepigwa picha 87, bila flashi. Kila kitu kina picha ya mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini, pamoja na rula, kadi ya rangi na namba yake ndani ya fremu. Kila kasoro iliyoandikwa hapo juu ina picha mbili: ya karibu, na ya mbali kidogo inayoonyesha iko wapi. Nyufa za ngao na chungu zimepigwa pia kwa tochi iliyolazwa pembeni. Majina yako hivi: `AZ3_N3_07.jpg`, yaani azimo la tatu, kitu cha tatu, picha ya saba. Nakala moja imebaki Iringa na moja amepewa dada wa Mbeya kwenye flashi. Zisitumwe kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana hubanwa na nyufa ndogo hupotea. Zitumwe kama dokumenti. Siku ya kufunga, kila tabaka la sanduku litapigwa picha ili wakati wa kurudi wafungashaji wafuate njia ileile.

Tuliyokubaliana kabla ya gari kuondoka
Kila kitu kina sanduku lake la mbao lenye sponji iliyochongwa kwa umbo lake. Kinachogusa kitu ni karatasi isiyo na asidi. Magazeti hayatumiki, wala pumba za mpunga, ambazo huja na wadudu wao. Masanduku yatafungwa kwa skrubu, si misumari: nyundo moja juu ya sanduku la chungu inatosha kuumaliza ule ufa.

Gari ni moja, limefunikwa, bila mzigo mwingine wala abiria wa njiani. Litapita Mafinga na Makambako na kuingia Mbeya mchana. Mmoja wetu atasafiri nalo, na halitaachwa peke yake hata wakati wa chai. Masanduku yatakaa ndani ya chumba saa 24 bila kufunguliwa. Julai Mbeya ina baridi kali usiku, na kitu kilichopoa kikikutana na hewa ya joto hutoa jasho. Kufungua kutafanyika ripoti hii ikiwa mezani, pande zote mbili zikiwepo.

Bima inaanza kitu kinapotoka rafuni kwetu na kwisha kinaporudi rafuni. Analipa mwazimaji. Thamani iliyokubaliwa: ngao Sh 6,500,000, mkuki Sh 1,800,000, chungu Sh 450,000, kikapu Sh 120,000, mbeta Sh 180,000. Jumla Sh 9,050,000. Mzee wa ukoo alicheka aliposikia bei ya ngao, akasema andikeni tu.

Mwanga juu ya ngao na kikapu usizidi lux 50. Kitu kikidhurika, kiachwe kilipo, kipigwe picha, vipande vikusanywe hata vile vya ukubwa wa punje, nasi tuarifiwe kabla saa 24 hazijapita. Hakuna gundi, hakuna kusafisha, hakuna fundi bila ruhusa yetu ya maandishi.

Imesomwa kwa sauti na kusainiwa nakala mbili, Iringa, Ijumaa 11 Julai 2025, na mtunza mkusanyo, mpokeaji wa Mbeya, na mzee wa ukoo kwa dole gumba kwa upande wa ngao. Baada ya kusaini, mpokeaji ameomba iongezwe kwa mkono, nasi tumekubali: kwenye ukingo wa kikapu, kwenye 4, kuna uzi wa pili unaoanza kulegea, mm 6.