Upendeleo wa uchapishaji katika majaribio ya ujumbe mfupi wa kukumbusha chanjo ya pili ya surua-rubela

Sehemu ya mapitio ya kimfumo, Nairobi

Tulivyopima

Majaribio ya nasibu 14 yaliingia kwenye uchanganuzi mkuu, kwa hiyo tulivuka kizingiti cha tafiti 10 kilichopendekezwa na Sterne na wenzake mwaka 2011. Chini ya hapo, vipimo vya ulinganifu havina nguvu ya kutenganisha bahati na upendeleo. Tulichora faneli ya logi ya uwiano dhidi ya kosa sanifu, tukaongeza mipaka ya p = 0.05 na p = 0.10. Ulinganifu tuliupima kwa mrejeo wa Egger (1997) na kwa kipimo cha mpangilio cha Begg na Mazumdar (1994). Mwisho tulitumia mbinu ya kukata na kujaza ya Duval na Tweedie (2000), upande wa kushoto. Kwa kuwa matokeo ni ya ndiyo au la, tulirudia pia kwa kipimo cha Harbord. Amri zilizotumika ni hizi:

```r
m <- rma(yi, sei = se, data = d, method = "REML")
funnel(m, level = c(90, 95), refline = 0)
regtest(m, model = "lm")
ranktest(m)
trimfill(m, side = "left", estimator = "L0")
```

Uwiano unaoripotiwa ni kiwango cha watoto waliopata dozi ya pili (nchini Kenya hutolewa wakifika miezi 18) katika kundi lililotumiwa ujumbe, kikigawanywa kwa kiwango cha kundi la huduma ya kawaida. Zaidi ya 1 maana yake ujumbe ulisaidia.

Matokeo

Kwa jumla uwiano ulikuwa 1.18 (upeo wa uhakika wa 95%: 1.08 hadi 1.29; I² = 58%). Hata hivyo, faneli haikukaa sawa. Juu, majaribio matano yenye watoto zaidi ya 500 yamebanana karibu na 1.07. Kadiri unavyoshuka kwenye majaribio madogo, nukta zinahamia kulia, na pembe ya chini kushoto iko tupu kabisa. Kwenye mrejeo wa Egger, kikatizo kilikuwa 1.62 (0.29 hadi 2.95; p = 0.021), na kipimo cha Harbord kilielekea huko huko (p = 0.034). Kipimo cha Begg na Mazumdar hakikufikia kizingiti cha kawaida (tau = 0.38; p = 0.06). Kipimo hiki kinajulikana kuwa dhaifu tafiti zinapokuwa chache, kwa hiyo hatukichukulii kama ushahidi wa kupinga.

Kukata na kujaza kuliongeza tafiti nne za kukisiwa upande wa kushoto, na uwiano ukashuka hadi 1.09 (0.99 hadi 1.20). Tatu kati ya hizo ziliangukia eneo la p zaidi ya 0.10, ambalo ndilo eneo la matokeo yanayokosa wachapishaji. Ya nne inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha mipaka ya mbinu yenyewe.

Iliundwa kama kivuli cha jaribio dogo kuliko yote, la watoto 118. Humo, watoto 38 kati ya 59 waliopokea ujumbe walikamilisha, dhidi ya 22 kati ya 59 wengine, yaani uwiano wa 1.73 (1.18 hadi 2.53). Kivuli chake kinakaa kwenye 0.69 (0.47 hadi 1.01). Tukikisoma kama kilivyo, kinasema kwamba mzazi akikumbushwa tarehe ya kliniki anapunguza kumpeleka mtoto kwa karibu theluthi. Hatujapata sababu yoyote ya kimantiki ya jambo hilo. Simu ya familia inaweza kushikwa na baba aliye kazini, au laini ikabadilishwa, na ujumbe usimfikie mama. Hapo uwiano utakuwa karibu na 1, lakini hautashuka hadi 0.69.

Tafiti ambazo hazikuchapishwa, na ambazo zipo

Hatukuishia kwenye nukta za kukisiwa. Katika sajili ya Pan African Clinical Trials Registry tulikuta majaribio matatu yanayokidhi vigezo vyetu, ambayo tarehe yao ya kukamilika ilikuwa imepita kwa zaidi ya miaka miwili bila makala yoyote. Tuliwaandikia viongozi wake wote. Mmoja alijibu: kazi ilikamilika, tofauti haikuonekana, na majarida mawili yalikataa makala. Alitutumia jedwali moja: 201 kati ya 318 kwa kundi la ujumbe, 196 kati ya 312 kwa kundi la kawaida, uwiano 1.01 (0.89 hadi 1.13). Katika hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi tulipata pia tasnifu mbili za uzamili, zote zikiwa na uwiano ulio karibu na 1.

Tulipoongeza hizi tatu, uwiano ulikuwa 1.14 (1.06 hadi 1.23). Hatukuziingiza kwenye uchanganuzi mkuu kwa kuwa jedwali moja halitoshi kutathmini hatari ya upendeleo, na tasnifu moja haikueleza jinsi ugawaji kwa nasibu ulivyofichwa.

Tafsiri

Ulinganifu wa faneli ukiharibika, uchapishaji si mshukiwa pekee. Majaribio sita kati ya tisa madogo yalifanyika katika kituo kimoja kimoja, na humo muuguzi aliyetuma ujumbe ndiye pia aliyempigia simu mzazi asipofika. Majaribio makubwa yalitegemea mfumo wa kutuma jumbe zenyewe, bila mtu wa kufuatilia. Huenda basi majaribio madogo yana athari kubwa kwa sababu yalitoa huduma kubwa zaidi. Tulitaka kurudia kipimo cha Egger bila hayo sita, lakini yangebaki nane, na tukaacha. Isitoshe, Terrin na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba kukata na kujaza kunaweza kuongeza tafiti za kukisiwa hata pasipo upendeleo, tafiti zinapotofautiana kweli. Na I² ya 58% si ndogo.

Kwa hiyo 1.09 tunaiwasilisha kama kipimo cha udhaifu wa matokeo yetu. Si makadirio yaliyosahihishwa, na tunaomba isinukuliwe hivyo. Wakaguzi wawili wa rasimu walitaka iwe namba kuu kwenye muhtasari. Tulikataa kwa sababu hiyo ya kivuli cha 0.69. Lakini kuacha 1.18 isimame peke yake kungekuwa kosa kubwa zaidi, hasa tukiwa na jibu la maandishi la mtafiti ambaye matokeo yake yalikataliwa mara mbili. Muhtasari utabeba 1.18, na mara baada yake, katika sentensi hiyo hiyo, matokeo ya majaribio makubwa pekee: 1.07 (0.99 hadi 1.16).

Kwa anayepanga bajeti ya kaunti, tofauti si ya kinadharia. Tukichukua eneo ambalo watoto 60 kati ya 100 hukamilisha bila ujumbe, 1.18 inaahidi takriban watoto 11 zaidi, 1.07 inaahidi wanne.

Kwa mfumo wa GRADE tulishusha uhakika wa ushahidi ngazi moja kwa upendeleo wa uchapishaji, kutoka wa wastani hadi wa chini. Hatukushusha ngazi nyingine kwa utofauti baina ya tafiti, kwa kuwa sehemu kubwa ya utofauti huo inatokana na majaribio yale yale madogo, na kuyaadhibu mara mbili kungekuwa kuhesabu kasoro moja kama mbili. Majaribio mawili ya sajili ambayo viongozi wake hawajajibu yameorodheshwa katika kiambatisho kwa namba zao za usajili, na yataingizwa takwimu zake zikipatikana.