Niko nyumbani, naendelea vizuri

Assalaam alaykum ndugu, jamaa, majirani na wateja wangu wa Mwanga na Ujiji.

Wengi mmepiga simu, mmetuma meseji, wengine mmefika mpaka nyumbani mkakuta nimelala. Sikuweza kumjibu kila mtu, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili habari mzipate kwangu mwenyewe.

Mwishoni mwa Mei 2024 nililazwa na kufanyiwa upasuaji. Upasuaji ulikwenda salama. Nimeruhusiwa, kidonda kimefunga, na kliniki ya mwezi uliopita daktari aliniambia niendelee hivi hivi. Alhamdulillah.

Nilikuwa naumwa nini, hilo nimeamua libaki kati yangu, mume wangu, mama yangu na daktari. Siogopi kulisema na wala sioni haya. Ni mwili wangu, na kuna mambo nikishayatoa nje siwezi kuyarudisha ndani. Naomba pia, kwa heshima kabisa, msiwaulize watoto. Yule mkubwa alirudi dukani siku moja kimya sana, kumbe mtu mzima alikuwa amemsimamisha njiani kumhoji. Mtoto wa miaka tisa hana jibu la swali la namna hiyo, na halipaswi kuwa juu yake. Mwenye shida ya kujua hali yangu anipigie mimi. Nitamwambia nimeamkaje, nimekula nini, nimetembea mpaka wapi. Hayo nayasema kwa furaha.

Jambo ninalotaka kulisema kwa kirefu ni damu.

Nilipofika hospitali damu yangu ilikuwa chini, na bila kuongezewa nisingeweza kuingizwa chumba cha upasuaji. Nikaongezewa. Nilikuwa nimelala nikiangalia ule mpira mwembamba, matone yanashuka moja moja, taratibu kabisa, na mkono wangu umepoa kuanzia kwenye sindano mpaka kiwiko. Ile damu ilitoka kwa mtu. Aliamka nyumbani kwake siku fulani, akaenda akanyoosha mkono, akarudi kwenye shughuli zake, na hajui kwamba iliishia kwa fundi cherehani wa Ujiji. Simjui na sitamjua. Namwombea kila baada ya swala.

Baadaye shemeji yangu na vijana wanne wa mtaani kwetu walikwenda kuchangia ili benki ya damu isipungukiwe kwa ajili yetu. Mmoja alikuwa anaogopa sindano tangu utotoni, na bado alikwenda. Naomba na wengine wenu mwende. Anayechangia hutolewa kiasi kisichofika nusu lita, damu hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa, na mwanamume anaweza kurudi tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu haitengenezwi kiwandani wala haikai miaka kwenye friji, ndiyo maana inatakiwa wakati wote, hata siku ambayo hakuna ndugu yako aliyelazwa. Mimi mwenyewe kwa sasa siruhusiwi. Daktari akiniruhusu nitakwenda.

Nyumbani nilirudi na vidonge vya kuongeza damu na masharti. Nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, maana yake hata ndoo ya maji. Nisikae kitandani kutwa, nitembee kidogo kidogo. Nisipande bodaboda. Na muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alinikalisha akanieleza kitu nilichokuwa sikijui: vile vidonge nisivinywe na chai, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Ninywe na maji, na nikipata chungwa au ndimu ni bora zaidi. Sisi kwetu dawa na chai ya asubuhi vilikuwa vinakwenda pamoja siku zote. Sasa mama ananiwekea kidonge kwenye kisosi pamoja na nusu ya chungwa, na chai inasubiri mpaka baadaye. Walioniletea juisi ya rosela nimeinywa yote na nawashukuru, vidonge pia sikuacha.

Kupumzika ndiko kulikonishinda mwanzoni. Nimezoea kuamka alfajiri na kuwa kwenye cherehani kabla jua halijapanda. Nikiona vitambaa vya watu vimekunjwa kabatini, naumia. Ilikuwa miezi ile mitatu ziwa limefungwa, kuanzia katikati ya Mei, samaki waachwe wazaliane. Usiku ukienda ufukweni huoni taa za wavuvi hata moja, ni giza tupu mpaka upande wa Kongo. Siku moja nalalamika, mama akaniambia: “Ziwa lote la Tanganyika limepumzishwa na watu wamevumilia, sembuse wewe mwanangu.” Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nililala mchana bila kujilaumu.

Hamu ya kula ilichelewa kuliko kidonda. Wiki nyingi nilikula kwa sababu nimeambiwa nile. Ziwa lilipofunguliwa Agosti, wifi yangu alikwenda Kibirizi mapema akarudi na dagaa wabichi, bado wanang'aa. Mama akawapika kwa mawese, nyanya na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, harufu ikaja mpaka chumbani. Nilitoka mwenyewe nikaenda kukaa jikoni kwenye kigoda. Nilikula ugali na dagaa wale mpaka nikafuta sahani kwa tonge la mwisho, na mama akageuka akajifanya anachochea moto. Niliyaona machozi yake. Sikusema kitu, nikaomba niongezwe.

Kwa wanaotaka kuja kunitazama, karibuni sana, hasa jioni baada ya Alasiri, mchana bado nalala. Njooni na habari za huko nje: nani ameoa, bei ya kitenge ikoje, treni ya Tabora imeingia saa ngapi. Jirani yangu mmoja alikuja na mchele wake kwenye ungo, akakaa akachagua mawe huku tunaongea habari za mabinti zake, hakuniuliza lolote kuhusu hospitali. Nilijisikia mzima kuliko siku zote. Naomba sana, habari za fulani aliyekuwa na ugonjwa kama wangu akafa, ziacheni mlangoni. Na dawa za mitishamba msiniletee. Najua zinatoka kwenye upendo, lakini nimemuahidi daktari kwamba sitachanganya.

Sasa wateja wangu. Kuanzia Jumatatu nafungua kibanda, lakini ni asubuhi mpaka saa sita mchana tu. Cherehani ya kukanyaga bado inanivuta tumboni nikikaa nayo muda mrefu, kwa hiyo mimi nitapima na kukata, binti ninayemfundisha atashona mishono mirefu, na mwisho wa kazi nitaukagua mwenyewe. Kazi zilizokuwa kwangu kabla sijalazwa ndizo zitakazotangulia. Hakuna kitambaa kilichopotea, vyote viko na majina yake. Aliyekwishalipa na hawezi kusubiri zaidi anijulishe, nitamrudishia kitambaa na pesa yake bila neno.

Nguo za Maulidi nitapokea chache tu, na kwa watoto peke yake. Za watu wazima mwaka huu sitaziweza. Wenye mitandio ya kupinda pembeni wailete wakati wowote, hiyo ni kazi nyepesi, naifanya nikiwa nimekaa uani.