Sabuni ya unga ya jumla: mwisho wa kuagiza Alhamisi saa 2 usiku

Majirani habari za jioni, ile ishu ya sabuni tuliyoongea juzi imekaa sawa. Nimepata bei ya jumla, gunia la kilo 25 ni 60,000, na usafiri wa mzigo wote mpaka kwangu ni 15,000. Gunia moja linatoa mafungu matano ya kilo 5, tukifika mafungu 20 (magunia manne) basi fungu moja ni 12,750 na usafiri umo humo humo, mi siweki hata mia ya juu. Kilo 5 hizo hizo ukinunua kwa kilo dukani zinakutoka 17,500 kwahiyo piga hesabu mwenyewe.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri. Gunia halikatwi kule, so idadi lazima iwe 10, 15 au 20. Tukiishia 15 fungu linakuwa 13,000, tukiishia 10 linakuwa 13,500, maana usafiri unagawanywa kwa mafungu machache. Mafungu yakiwa 17 yanayoingia ni 15 ya kwanza KULIPIWA, sio ya kwanza kuandikwa, mawili yanayobaki narudisha hela yake usiku huo huo. Chini ya 10 hatununui, kila mtu anarudishiwa yake yote.

Hela tumeni kwa simu kwenye namba hii hii ninayotumia hapa, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, na kwenye ujumbe andika nyumba yako na mafungu mangapi. Ijumaa asubuhi nalipia mzigo na risiti naiweka hapa wote muione. Baada ya hapo hakuna kuongeza wala kutoa jamani, tusilaumiane.

Kuchukua ni Jumamosi kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 7 mchana, barazani kwangu. Njoo na ndoo yako yenye mfuniko, ya lita 10 inatosha fungu moja, na iwe KAVU kabisa, sabuni ya unga ikikuta maji hata kidogo inashikana inakuwa jiwe. Tunapima ndoo tupu kwanza halafu ndo tunajaza, mbele ya macho yako, mizani ya yule mama wa ghorofani ameshakubali kutuazima (asante sana mama). Watoto wadogo waacheni nyumbani saa hiyo, vumbi lake linawasha macho na kukohoza.

Usipoweza kuja mtume mtu, ila nitajie mapema ni nani. Wazee na yule dada aliyejifungua msihangaike, vijana wawili wameahidi kuwapelekea mlangoni.

Nakili hii orodha, ongeza yako chini, tuma tena:

1. Nyumba ya kona (mimi), mafungu 2, nimelipa
2. Ghorofani, fungu 1, amelipa
3. Geti jeusi, mafungu 3, atalipa kesho