Taarifa kwa wateja na wafanyakazi: nakala ya kanzidata yetu ilikaa wazi mtandaoni siku 47

Dar es Salaam, Alhamisi, 12 Juni 2025

Wateja wetu na wafanyakazi wenzetu,

Nakala ya akiba ya kanzidata yetu ya oda za gesi ilikaa mtandaoni bila ulinzi kuanzia 24 Aprili hadi 10 Juni 2025. Watu tusiowajua wameipakua. Ndani yake mna taarifa za akaunti 38,412 za wateja na za wafanyakazi 83. Kosa ni letu na tunaomba radhi.

Kabla hujaendelea kusoma: kama namba ya siri ya programu yetu ya simu ndiyo hiyohiyo unayotumia kwenye M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa au benki, ibadili sasa hivi, kisha urudi.

Ilikuwaje

Tarehe 24 Aprili tulikuwa tunahamisha mfumo kutoka seva moja kwenda nyingine. Nakala ya kanzidata ikawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hifadhi hiyo ikaachwa katika hali ya kusomwa na yeyote mwenye kiungo. Kazi ilipoisha, faili halikufutwa. Hakuna aliyevunja mlango, tuliuacha wazi. Kazi hiyo ilifanywa na fundi wa nje, lakini kuikagua lilikuwa jukumu letu na hatukuikagua.

Jumanne, 10 Juni, saa 2:40 asubuhi tulikuta baruapepe ya mtu aliyeliona faili hilo. Saa 3:25 lilikuwa limefungwa. Kumbukumbu za hifadhi zinaonyesha lilipakuliwa mara tatu: 19 Mei, 3 Juni na 9 Juni. La 9 Juni ni la huyo aliyetuandikia, naye anasema amelifuta. Hatuna namna ya kulithibitisha hilo. Wawili wa mwanzo hatuwajui.

Kuna jambo jingine. Kumbukumbu hizo hujifuta zenyewe kila baada ya siku 30, kwa hiyo kwa siku 17 za kwanza, 24 Aprili hadi 10 Mei, hatuna ushahidi wowote. Ukisikia mtu anasema "limepakuliwa mara tatu tu", neno "tu" si letu.

Nini kimetoka

Kwa wateja wote: jina, namba ya simu, mahali pa kupelekewa gesi, oda za tangu Januari 2023, na namba za miamala ya malipo. Salio lako la simu na namba yako ya siri ya mtandao wa simu hatukuwa nazo, na namba za kadi za benki hatujawahi kuzihifadhi.

Namba za siri za programu yetu zilihifadhiwa zikiwa zimefichwa kwa njia ya `bcrypt`. Tungeweza kuishia hapo na ingesikika vizuri, ila tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 pekee. Mwenye faili na kompyuta ya kawaida ataijaribu yote mpaka apate yako. Chukulia kwamba inajulikana. Tumezifuta zote; ukiingia tena utatakiwa kuweka mpya ya tarakimu sita.

Wateja 2,906 mliochukua jiko na mtungi kwa mkopo, namba zenu za NIDA zimo pia. Tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama namba yako ya siri popote ni mwaka wa kuzaliwa, nayo si siri tena. Piga `*106#` uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaifungishe. Simu ikikata mtandao ghafla huku wenzako wa mtandao huohuo wanapata, usisubiri kesho: huenda mtu amechukua laini yako. Tumia simu nyingine kupiga huduma kwa wateja.

Kinachotutia hofu zaidi ni kile kisanduku cha "maelekezo kwa dereva". Wengine mliandika "ufunguo uko kwa jirani", "nyumbani hakuna mtu mpaka saa 11 jioni", "ukifika gonga dirisha la nyuma". Tumeyasoma yote na kukuta wateja 214 wa namna hiyo, nao ndio tulioanza kuwapigia jana. Kama hatujakufikia na unakumbuka uliandika jambo la hivyo, hamisha ufunguo leo na umwambie jirani.

Utapeli tunaoutarajia

"Ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anaijua. Sasa tapeli atakuwa na cha kuongezea: atakutajia jina lako, mtungi wa kilo 15, siku uliyoupokea na mtaa wenu wa Segerea, kisha atasema urudishiwe pesa kwa sababu ya uvujaji huu. Kuijua oda yako hakumfanyi kuwa mtu wetu. Sisi hatutakupigia kukuomba namba ya siri, hatutakutumia kiungo, wala hatutakuomba utume pesa ili upokee pesa. Gesi inalipiwa kwa namba ya malipo ileile ya siku zote, mtungi ukishapimwa mbele yako.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Ukishatuma pesa, piga 100 mara moja kuomba muamala uzuiwe, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi kubwa. Ujumbe wa muamala usiufute. Lete ghalani kwetu pamoja na namba ya taarifa ya polisi. Kiwango cha fidia bado hatujakipanga, hivyo hatutaahidi kiasi, ila kila dai litaandikwa na kupewa namba.

Kwa wafanyakazi

Orodha ya mishahara ya Machi ilikuwa kwenye faili hilo: majina, mishahara, makato ya mikopo, namba za akaunti za benki na namba za NSSF. Tunajua uzito wa mwenzako kuujua mshahara wako. Atakayesambaza orodha hiyo, hata kwa utani kwenye kundi la WhatsApp, atachukuliwa hatua. Atakayeipokea asiipeleke mbele, aijulishe ofisi ya rasilimali watu.

Madereva, acheni kuanzia leo kutumiana namba na ramani za wateja kwenye makundi. Oda mtaisoma ndani ya programu pekee. Mteja akiuliza, msimwambie "hamna shida". Mpeni karatasi ya taarifa hii. Mafundi, msifute wala kuwasha upya chochote kwenye seva ya zamani, maana ndiyo ushahidi tulionao. Waandishi wa habari waelekezeni ofisi kuu.

Hatua zilizokwisha kuchukuliwa

Jana tulitoa taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na polisi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 una haki ya kulalamika kwa Tume moja kwa moja, bila kupitia kwetu. Hifadhi zetu nyingine sita tumezikagua na zimefungwa. Kumbukumbu sasa zitatunzwa mwaka mzima, na kisanduku cha maelekezo kitajifuta mtungi ukishapokelewa.

Tupigie kwa namba iliyochapwa kwenye risiti yako na ubavuni mwa pikipiki zetu, si namba uliyotumiwa kwa ujumbe. Maghala ya Tabata, Sinza, Mbagala na Kigamboni yatakuwa na meza ya shughuli hii kila siku, Jumapili ikiwemo, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Taarifa inayofuata itatoka Jumatatu, 16 Juni, saa 4 asubuhi, hata kama hakutakuwa na jipya.

Mkurugenzi Mtendaji,
kwa niaba ya menejimenti