Zaburi ya 107 kwa Kupokezana: Ibada ya Jioni ya Kuwaombea Wavuvi, Malindi

Ibada hii ni ya Jumamosi jioni, mkesha wa Jumapili ya 12 ya Mwaka B, msimu ambao kusi imeshachafua bahari na vyombo vingi vimevutwa ufukweni. Kesho yake, katika Misa, zaburi hii itaimbwa kwa maneno ya kitabu cha masomo; beti zilizo hapa chini zimetungwa upya na zisichukue nafasi yake.

Mwimbishaji asimame mimbarini, si katikati ya kwaya. Aimbe kiitikio peke yake mara moja, waamini wakirudie, na kuanzia hapo asiwaongoze tena kwa mkono. Wengi watakuwa wametoka pwani moja kwa moja, bila karatasi wala miwani, na kwa hiyo kiitikio kina vipande viwili tu vya mizani nane nane, kikifuata shukrani ambayo zaburi yenyewe huirudia mara nne, katika mistari ya 8, 15, 21 na 31.

Kiitikio
*Bwana, tunakushukuru,*
*pendo lako la milele.*

Mwimbishaji: Walishuka baharini kwa vyombo vyao, wakatafuta riziki yao juu ya maji makuu, huko waliyaona matendo ya Bwana, na maajabu yake vilindini.

Wote: *Bwana, tunakushukuru, pendo lako la milele.*

Mwimbishaji: Alinena, upepo wa dhoruba ukavuma na kuyainua mawimbi, walirushwa juu kama waendao mbinguni, wakashushwa hadi vilindini. Walipepesuka kama walevi, na ujuzi wao wote wa bahari ukawaishia.

(Hapa kiitikio kisiimbwe. Haifai kuwashukurisha watu chombo kingali kinayumba. Kinanda kinyamaze, na mwimbishaji akae kimya kwa muda wa pumzi mbili ndefu, hata kama kwaya itaona kwamba amesahau.)

Mwimbishaji, kwa sauti ya chini inayopanda polepole: Ndipo walipomlilia Bwana katika dhiki yao, naye akawatoa katika taabu zao, aliituliza dhoruba ikawa shwari, na mawimbi yakanyamaza.

Wote: *Bwana, tunakushukuru, pendo lako la milele.*

Mwimbishaji: Walifurahi kwa kuwa maji yametulia, naye akawafikisha bandari waliyoitamani. Basi na wamshukuru Bwana kwa fadhili zake, na kwa maajabu yake kwa wanadamu.

Wote: *Bwana, tunakushukuru, pendo lako la milele.*

Neno la mwisho la kila ubeti, isipokuwa ule wa dhoruba, livutwe kidogo na sauti ishuke, kwa maana hiyo ndiyo ishara pekee watakayopewa waamini ya kupokea. Baada ya ubeti wa mwisho kiitikio kirudiwe mara mbili, na mara ya pili mwimbishaji asiimbe, bali awaachie waamini.